Mkupuo wa leo au malipo ya kila mwezi: jinsi ya kupata thamani ya sasa

Swali: Wakuu, mkataba wangu unanipa 500,000 kila mwisho wa mwezi kwa miaka 10. Mlipaji sasa anataka kunipa 30,000,000 taslimu leo tuvunje mkataba. Nikijumlisha malipo yote napata 60,000,000. Ananipunja nusu nzima? Hii hesabu inafanywaje?

Jibu:

Mkuu, hiyo 60,000,000 iweke pembeni kwanza, maana haikuambii chochote. Umejumlisha pesa za tarehe 120 tofauti kana kwamba zote zinaingia siku moja. Swali la kujiuliza ni hili: leo ningehitaji kuweka kiasi gani mahali penye riba ili niweze kutoa 500,000 kila mwisho wa mwezi, na baada ya kutoa mara ya 120 isibaki hata senti? Kiasi hicho ndicho thamani ya sasa ya malipo yako.

Tuchukue kwamba pesa yako inaweza kuzaa 12% kwa mwaka, inayohesabiwa kila mwezi, yaani 1% kwa mwezi. Malipo ya kwanza yako umbali wa mwezi mmoja. Ili uwe na 500,000 wakati huo, leo unahitaji 500,000 ÷ 1.01, ambayo ni 495,050. Malipo ya 12 unagawanya kwa 1.01 mara kumi na mbili, unapata 443,725. Ya 60 yanashuka hadi 275,225. Yale ya mwisho kabisa, ya mwezi wa 120, kwa leo yana thamani ya 151,497 tu. Noti ni zilezile, ila zinakufikia baada ya miaka kumi.

Ukijumlisha vipande vyote 120 unapata 34,850,261. Huhitaji kuvijumlisha kimoja kimoja, kwa sababu kila kipande ni kile kilichotangulia kikigawanywa kwa 1.01, na mfululizo wa namna hiyo una njia yake ya mkato:

```
PV = A × (1 − (1 + i)^−n) ÷ i
```

PV ni thamani ya sasa, A ni malipo ya kila mwezi, i ni riba ya mwezi ikiandikwa kwa desimali (0.01), na n ni idadi ya malipo (120). Kwa kikokotoo anza na 1.01 kwa kipeo cha 120, utapata 3.30039. Gawanya 1 kwa hiyo, inakuwa 0.302995. Itoe kwenye 1, ibaki 0.697005, kisha gawanya kwa 0.01. Unabaki na 69.7005. Hiki ndicho kizidishio chako: malipo 120 ya baadaye ni sawa na malipo 69.7 ukipewa leo. Usikate desimali njiani, beba namba zote za kikokotoo hadi mwisho.

Kama huiamini kanuni, ijaribu kwa daftari. Weka 34,850,261. Mwezi wa kwanza inazaa 348,503. Toa 500,000, inabaki 34,698,764. Mwezi wa pili inazaa 346,988. Toa 500,000, inabaki 34,545,751. Endelea hivyo hivyo. Mwanzo wa mwezi wa 120 utakuwa na 495,050, itazaa 4,950, utatoa 500,000 na akaunti itakuwa sifuri. Mimi huwaambia watu wafanye angalau miezi mitatu ya mwanzo kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo wanaona riba inaliwa na nani. Pia utaona jambo moja: miaka mitano ya mwanzo peke yake imebeba 22,477,519 ya thamani yote, na mitano ya mwisho imebeba 12,372,742. Mlipaji akikuomba aahirishe malipo ya mwanzo, anagusa sehemu nono kuliko zote.

Sasa turudi kwenye ofa. Kwa 1% kwa mwezi unapewa 30,000,000 badala ya 34,850,261. Pengo ni kama 4.85 milioni, si nusu. Lakini mimi nisingeishia hapo, kwa sababu hiyo 1% tumeichagua wenyewe. Igeuze hesabu: gawanya 30,000,000 kwa 500,000, unapata 60. Tafuta riba ya mwezi ambayo kizidishio chake cha miezi 120 ni 60. Kwa 1.3% kizidishio ni 60.6, kwa 1.32% ni 60.05, kwa hiyo jibu liko karibu na 1.322%. Kwa mwaka mzima, riba ikizaa riba, hiyo ni kama 17.07%.

Namba hii ndiyo ya kuamulia. Ukiipokea 30,000,000, inabidi uwe na mahali pa kuiweka panapokupa zaidi ya 17.07% kwa mwaka, penye usalama unaolingana na wa mkataba wako, ndipo utoke na faida. Huna mahali hapo? Baki na mkataba. Ila kuna hali moja inayogeuza kibao: deni. Mtu anayedaiwa mkopo wa 20% kwa mwaka unaohesabiwa kila mwezi, kila shilingi anayoilipa mapema inamwokolea riba hiyohiyo. Kwake, malipo yaleyale yana kizidishio cha 51.74, thamani ya sasa kama 25.87 milioni, na ofa ya milioni 30 ni nzuri. Mkataba haujabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kile ambacho pesa ingefanya mikononi mwa mwenye nayo.

Kwenye Excel unaandika hivi:

```
=PV(0.01,120,-500000,0,0)
=RATE(120,500000,-30000000)
```

Ya kwanza inatoa 34,850,261. Alama ya kutoa iko kwenye 500000 kwa sababu programu inataka pesa inayoingia na inayotoka ziwe na alama tofauti. Ukiisahau, jibu litakuja likiwa hasi, na hilo si kosa la hesabu. Ya pili inatoa riba ya mwezi. Hapa kuna mtego mdogo unaonasa wengi: seli mara nyingi inaonyesha 1% tu kwa sababu imepangwa isionyeshe desimali. Utadhani ofa inalingana na 12% yako, kumbe ndani yake kuna 1.322%. Ongeza desimali tatu kabla hujasema lolote. Na kama kompyuta yako inatenganisha vipengele kwa nukta mkato, badilisha koma zote.

Makosa mengine ninayoyaona sana yanahusu kuchanganya vipimo. Mtu anaweka 0.12 kwenye nafasi ya i na 120 kwenye n. Anapata 4,166,661. Ukipata namba kama hiyo, jiulize: inawezekanaje malipo ya miaka kumi yawe na thamani ndogo kuliko malipo ya miezi tisa ya mwanzo? Umeiambia kanuni kwamba riba ni 12% kila mwezi. Mwingine anatumia mwaka kote: malipo 6,000,000, riba 12%, miaka 10. Anapata 33,901,338. Hili ni kosa la kificho zaidi, kwa sababu jibu linafanana na la kweli. Tatizo ni kwamba umezisogeza pesa zote za mwaka hadi siku yake ya mwisho, wakati wewe unaanza kulipwa mwezi wa kwanza.

Uliza pia hiyo 12% imetajwa kwa namna gani. Ikiwa maana yake ni kwamba 100 inakuwa 112 kamili baada ya mwaka, basi riba ya mwezi si 1%. Ni 1.12 kwa kipeo cha 1/12, ukatoa 1, yaani 0.949%. Thamani ya sasa inapanda hadi kama 35.73 milioni. Tofauti ya karibu laki tisa imetokana na namna sentensi moja ilivyosomwa.

Tarehe ya malipo ya kwanza nayo ina uzito. Ukilipwa mwanzoni mwa mwezi badala ya mwishoni, na la kwanza ukalipokea leo, zidisha jibu kwa 1.01: 35,198,764. Kwenye Excel ile sifuri ya mwisho unaifanya 1. Na ikiwa malipo yote 120 yanaanza mwisho wa mwezi wa sita, usigawanye kwa 1.01 mara sita. Kanuni inakupa thamani ya mwezi mmoja kabla ya lipo la kwanza, yaani mwisho wa mwezi wa tano, kwa hiyo unarudi nyuma miezi mitano tu. Unapata kama 33.16 milioni.

Kuhusu mfumuko wa bei, kuna wanaosema bei zinapanda 5%, kwa hiyo toa 5 kwenye 12, tumia 7%. Wakifanya hivyo thamani inaruka hadi 43,063,177, yaani bei kupanda kumekutajirisha! Haiwezekani, kwa kuwa 500,000 yako haiongezeki kamwe na bei zikipanda inakuumiza. Riba iliyoondolewa mfumuko inatumika tu pale ambapo malipo nayo yamepimwa kwa nguvu ya ununuzi. Malipo yakiwa namba ileile miaka yote, tumia riba ya sokoni kama ilivyo. Tayari imebeba matarajio ya bei ndani yake.

Kabla ya kujibu ofa, fungua mkataba uangalie kipengele kimoja: malipo yanaendelea kwa warithi ukifariki, au yanakoma? Kila nilichoandika hapo juu kinachukulia kwamba malipo 120 yatatoka yote. Kama yanakoma, kila lipo lazima lizidishwe pia kwa uwezekano wa wewe kuwa hai mwezi huo, na 34,850,261 inakuwa kikomo cha juu tu. Thamani halisi iko chini yake, na kadiri umri wako ulivyo mkubwa ndivyo inavyoshuka kuikaribia ile milioni 30.