Kabla hujaagiza matofali, hakikisha mota imehesabiwa mara moja tu

Ukipewa makadirio ya matofali ya ukuta uyakague, usikimbilie jumla iliyo chini ya karatasi. Uliza kwanza: eneo la ukuta limegawanywa kwa eneo gani? La tofali lenyewe, au la tofali pamoja na mota yake, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoyaunganisha matofali? Makosa mengi niliyoyakuta kwenye makadirio yameanzia hapo.

Chukua ukuta wa urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3, wenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2. Ukuta mzima ni mita za mraba 36. Mlango unakula 1.89, madirisha 2.88, unabaki na 31.23. Tofali la saruji lina urefu wa milimita 440 na kimo cha 215, na mota ni milimita 10. Kwa hiyo kila tofali likishajengwa linashika 450 kwa 225, yaani mita za mraba 0.10125. Gawanya, unapata matofali 309.

Sasa tazama yanayotokea mota ikikosewa. Aliyeisahau atagawa kwa 440 kwa 215 na kupata 331. Kosa hili huzidisha matofali, na wengi hawaligundui kwa sababu ile ziada inafunika yatakayovunjika. Kosa la pili ndilo ninaloliogopa. Mtu anasikia tofali ni la 450 kwa 225, anaongeza milimita 10 za mota, kumbe kipimo hicho tayari kilikuwa na mota ndani yake. Anagawa kwa 460 kwa 235 na kupata 289. Hata akiongeza asilimia 5 ya kuvunjika anafika 304, chini ya idadi ambayo ukuta ungehitaji hata lisipovunjika hata tofali moja. Fundi ataishiwa akiwa kozi za juu, yaani safu za juu za matofali, na matofali ya kumalizia yanaweza kutoka kwenye mzigo mwingine wenye vipimo tofauti kidogo.

Kwa hiyo usikubali kipimo cha kutajiwa. Panga matofali kumi chini kwa urefu, yagusane bila nafasi, kisha vuta tepu. Ukipata mita 4.4, tofali ni la 440 na mota huongezwa. Ukipata mita 4.5, basi 450 ndilo tofali lenyewe, na mota inaongezwa juu ya hapo, idadi itapungua. Mota nayo ipime kwenye ukuta ambao fundi huyo amekwisha kuujenga: toka chini ya tofali moja, hesabu kozi kumi kwenda juu, pima hadi chini ya tofali la kozi ya kumi na moja, gawa kwa kumi, kisha toa kimo cha tofali. Mafundi wengi huweka mota nene kuliko ilivyoandikwa.

Baada ya hapo hakiki kwa kozi, kwa sababu eneo halijui kwamba tofali hukatwa. Mita 12 ukigawa kwa 0.45 ni 26.67, basi hesabu 27 kila kozi. Kimo cha mita 3 kinatoa kozi 13 kamili, na zinabaki sentimita 7.5 ambazo huenda zikajazwa kwa zege, muulize fundi. Kozi 13 mara 27 ni 351. Mlango unatoa matofali 2 kwenye kozi 9, yaani 18. Kila dirisha natoa matofali 2 mazima kwenye kozi 5, kwa hiyo madirisha yote ni 20. Yanabaki 313, karibu kabisa na ile 309. Njia mbili zikipishana kwa zaidi ya matofali machache hivi, kuna tundu lililosahauliwa au kipimo kilichokosewa. Ukuta ukiwa na linta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, inayopita urefu wote ndani ya zile mita 3, itoe pia: yenye kimo cha sentimita 20 inachukua nafasi ya matofali 24 hivi.

Kuvunjika kunaongezwa mwisho kabisa, mara moja. Kwa matofali yaliyokomaa vizuri na kushushwa kwa mikono, mimi huweka asilimia 5: hapa 313 yanakuwa 329. Yakiwa machanga, au yakimwagwa kutoka garini, napanda hadi asilimia 10. Usiongeze tena fungu la kukata, maana ulipokwenda kwenye 27 kila kozi ulikwisha kulilipia. Tena tofali lililovunjika kwa usafi karibu na katikati si hasara yote: nusu yake inaanzisha kozi, mahali ambapo fundi angekata tofali zima. Mwambie ayatenge mapande hayo kando siku mzigo unaposhushwa, kabla hajaanza kukata mazima.