Usiposti hicho kisa kabla mwenyewe hajakisoma

> "Wakuu, biashara yangu inatimiza miaka mitatu wiki ijayo. Sitaki kutangaza mauzo, nataka niwashukuru wateja kwa kisa kifupi. Kuna dada alilia dukani kwetu, kisa chake kinagusa sana. Nitaficha jina. Kiwe kirefu kiasi gani, nipost saa ngapi, na punguzo nilitaje mwishoni?"

Mkuu, weka simu chini kwanza. Hilo "nitaficha jina" nililisema na mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Tulipofikisha miaka mitano nilitaka kushukuru hivyohivyo kwa kisa, kwa sababu mteja anafaidika nini akijua nimeuza kiasi gani? Nikamlipa kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa mitandao. Nikampa visa vitatu. Viwili vya kuchekesha akavitupa, cha tatu akakidaka: "Hiki hiki! Kisa kikiliza watu kinasambaa." Kilisambaa kweli, na aliyelia ni mimi. Yeye alishachukua chake.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiniletea suruali ya mumewe, ileile, ya kijivu yenye mistari myembamba. Alikuja nayo mara tatu ndani ya miezi michache, kila mara nipunguze kiuno kidogo. Mzee alikuwa anaumwa na anakonda, na mama hakutaka agundue kwa kuona suruali inamvuka. Nilikuwa nafumua mshono wa nyuma katikati, naingiza ndani sentimita moja na nusu, kisha napiga pasi ya mvuke taratibu mpaka mshono mpya ulale vizuri. Kitambaa cha ziada sikukikata, nilikilaza ndani, ili mzee akipona niiachie. Ombi la mama lilikuwa moja tu: nisiache alama.

Basi nikaandika yote hayo. Jina sikulitaja, nikajiona muungwana. Ila mistari niliitaja, "mara tatu" niliitaja, na picha ya suruali juu ya meza, na chaki yangu pembeni, niliiweka. Sasa mtu mgonjwa anayelala nyumbani mchana kutwa anafanya nini? Anashika simu.

Mzee aliijua suruali yake.

Mimi wakati huo niko bize kujibu "asante sana, karibu tena" kwa watu wanaonisifu nina moyo. Siku ya pili mama akaja. Alikuwa na kitambaa chake kwangu sijakikata bado, akakiomba. Nikamfungia kwenye mfuko, sijui niseme nini. Akasema, "Fundi, nilikuomba usiache alama." Akaondoka. Posti niliifuta palepale, lakini watu walishapiga picha za skrini na kutumiana. Na wateja wengine walionizoea, wale wa kukaa kwenye benchi na kunisimulia mambo yao, wakawa wanaleta nguo, wanasema vipimo, wanakwenda.

Kwa hiyo sikia. Jina ni kitu kidogo sana. Mtu anatambulika kwa nguo yake, kwa siku aliyokuja, kwa neno alilotamka. Hata kama mtaani hawamjui, wa nyumbani kwake watamjua, na mara nyingi haohao ndio anaowaficha. Mtumie huyo dada maandishi yote, pamoja na picha, kama yatakavyotoka. Usimpigie ukamwambia "nitakutaja kidogo, sawa?" Atasema sawa kwa kukuonea haya. Asome mwenyewe, ajibu kwa maandishi, na mwambie wazi akikataa hakiharibiki kitu. Akikaa kimya, hiyo ni hapana. Akisema "mh, sawa tu", hiyo pia ni hapana.

Halafu jiulize katika kisa chako nani anashukuriwa. Changu kilijaa mimi: fundi mwenye huruma, fundi mwenye mkono mwepesi. Mama alikuwa pambo tu. Mwaka uliofuata nilichukua kimoja cha vile vilivyotupwa. Enzi naanza nilimshonea mteja koti, nikapachika mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akaniambia kwa upole, "Fundi, nadhani nimegeuka mimi." Akakaa akasubiri nifumue, na wiki iliyofuata akamleta mdogo wake apimwe. Aibu yote ni yangu, uvumilivu ni wake, na ndio huo niliomshukuru. Nilimtumia kwanza. Alicheka, akaomba nitoe habari za mdogo wake, nikatoa, ndiyo maana posti ile iliishia pale aliposubiri nifumue. Hapa habari hizo nimezirudisha kwa ruhusa yake, kabla hamjaniuliza.

Uliuliza nini kingine? Punguzo? Sijui, mimi sikuweka. Dada ameshasoma?