Faida ipo, pesa ziko wapi? Maswali yenu kuhusu ripoti ya mwaka

Nimepakua ripoti ya mwaka ya kampuni moja ya Soko la Hisa la Nairobi. Kurasa 180, na nusu yake ni picha za wakurugenzi. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mikindani*

Anzia nyuma. Picha ziache, na barua ya mwenyekiti isome mwisho, ukishajua tarakimu, ndipo utaona alichokiruka. Kwanza tafuta sehemu yenye kichwa Independent Auditor's Report. Humo mkaguzi wa hesabu anasema kama hesabu zinaaminika. Ukikuta maneno Qualified Opinion, ujue kuna jambo ambalo yeye na wakurugenzi hawakukubaliana, au hakupata ushahidi wa kutosha. Ukikuta Material Uncertainty Related to Going Concern, maana yake kuna shaka kubwa kama kampuni itaendelea kusimama. Kwa mtu anayenunua hisa mara ya kwanza, mimi ningesema funga ripoti hiyo, tafuta nyingine.

Baada ya hapo una kurasa tatu tu za kazi: faida na hasara, mizania yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, na mtiririko wa fedha. Kabla hujasoma tarakimu hata moja, tazama juu ya safu. Kama pameandikwa Shs'000, basi 4,000,000 ni shilingi bilioni 4, si milioni 4. Na kama kuna safu za Group na za Company, soma za Group, ambazo zimejumlisha kampuni tanzu zote.

Assalaam aleikum. Nimekutumia ripoti ya kampuni ya usafirishaji na maghala. Mauzo yametoka bilioni 3.6 hadi bilioni 4, faida baada ya kodi ni milioni 320, gawio senti 80, hisa ni shilingi 10. Naona mambo mazuri. Kwa nini mjomba ananikataza?
*Kijana wa Kisauni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeifungua, na jina la kampuni tuliache. Mjomba wako ana hoja, ila haiko kwenye ukurasa ulioushika wewe.

Mauzo huandikwa siku huduma inapotolewa, si siku pesa inapoingia. Mama wa vitunguu pale Kongowea akimkopesha mwenye hoteli magunia kumi, ameuza, na kwenye daftari lake ana faida. Lakini jioni hana nauli ya kurudi nyumbani. Kampuni kubwa nayo ni hivyo hivyo, na ukurasa unaoonyesha jambo hilo ni Statement of Cash Flows.

Twende pamoja. Tunaanza na faida, milioni 320. Tunarudisha uchakavu wa malori na maghala, milioni 180, kwa sababu umepunguza faida lakini hakuna hela iliyotoka mfukoni mwaka huu. Tumefika milioni 500. Sasa shuka hadi mstari wa pesa zinazodaiwa wateja: zimeongezeka kwa milioni 450. Zitoe, imebaki milioni 50. Vipuri na mafuta ghalani vimeongezeka kwa milioni 40. Imebaki milioni 10. Ndiyo tarakimu iliyoandikwa kwenye mstari wa Net cash from operating activities. Faida ya milioni 320 imeleta hela mkononi milioni 10.

Sasa tazama mizania. Wateja walikuwa wakidaiwa milioni 700, sasa ni milioni 1,150. Gawanya deni hilo kwa mauzo, zidisha kwa 365, upate siku ambazo wateja hukaa kabla ya kulipa. Mwaka uliotangulia ilikuwa kama siku 71, sasa ni kama 105. Mauzo yamepanda kwa asilimia 11, lakini pesa zinazodaiwa zimepanda kwa asilimia 64. Pengo la namna hiyo huja pale kampuni inapovuta wateja kwa kuwakopesha, au wateja wenyewe wanapoishiwa.

Ili ujue ni lipi, nenda kwenye maelezo ya mwisho, mle tarakimu zinamovunjwavunjwa, utafute jedwali linalogawa madeni ya wateja kwa umri. Katika ripoti yako, milioni 260 zimepita siku 90 bila kulipwa, na kampuni imetenga milioni 25 tu kwa madeni yatakayopotea. Ikibidi kutenga hata nusu ya zile 260, zaidi ya milioni 100 zitakatwa kwenye faida ya mwaka ujao, kabla ya kodi.

Niseme haki pia. Huenda mteja mkubwa alipata huduma mwezi wa mwisho wa hesabu na akalipa wiki mbili baadaye. Hilo hutokea, na mwaka mmoja mbaya si hukumu. Subiri matokeo ya nusu mwaka. Pesa za wateja zikishuka na mtiririko ukapanda, ilikuwa ni tarehe tu. Zikiendelea kupanda, mjomba alikuwa sahihi. Kungoja hakukugharimu kitu.

Deni kiasi gani ni kingi? Kila kampuni ninayosoma ina mkopo.
*Mama wa duka, Majengo*

Dada, kiasi peke yake hakikwambii kitu. Uliza mambo mawili: linalipwa lini, na kwa hela ipi.

Tukae na kampuni ile ile ya kijana wa Kisauni. Mikopo yake ni milioni 1,280, kutoka milioni 900 mwaka uliopita. Riba ni milioni 150, na faida kabla ya riba na kodi ni kama milioni 607. Wachambuzi wangegawanya wakakuambia faida inailipa riba mara nne, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Lakini benki hailipwi kwa faida ya kwenye karatasi. Fungua sehemu ya Borrowings katika maelezo: milioni 700 za mikopo hiyo zinaiva ndani ya miezi 12. Hela iliyo benki ni milioni 60. Shughuli za mwaka mzima zimeleta milioni 10. Kampuni hii haina njia ila kuomba benki iongeze muda, na mwenye kuomba hapangi riba.

Jambo dogo la kukuchanganya: baadhi ya kampuni huiweka riba iliyolipwa chini kabisa, kwenye sehemu ya fedha za mikopo na hisa, badala ya kuitoa kwenye shughuli za kila siku. Hapo mtiririko wa shughuli utaonekana mnono kuliko ulivyo. Ukiikuta huko chini, itoe mwenyewe kabla ya kulinganisha kampuni mbili.

Na kama deni limeshinda kampuni, mwenye hisa ndogo hulipa kwa njia nyingine. Mwaka 2017 Kenya Airways ilipopanga upya madeni yake, sehemu ya deni iligeuzwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9 na benki zilizoikopesha asilimia 38.1. Wenye hisa wa zamani walibaki ndani, ila kipande chao cha kampuni kilibaki chembe. Kisha Julai 2020 hisa hizo zikasimamishwa kuuzwa na kununuliwa, na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025.

Nimestaafu, nataka gawio la kila mwaka. Kampuni iliyotoa gawio miaka mitano mfululizo si ndiyo salama?
*Mzee wa Tudor*

Mzee wangu, shikamoo. Miaka mitano ni mwanzo mzuri, lakini kampuni inaweza kukopa ili ikulipe. Hiyo ya Kisauni ndivyo ilivyofanya. Ilipata milioni 10 kwenye shughuli zake, ikanunua malori ya milioni 250, ikalipa gawio la milioni 160. Pungufu ni milioni 400. Ikakopa 380, na 20 zikatoka kwenye akiba ya benki. Senti 80 za kila hisa zilitoka benki, na wenye hisa ndio watakaolipia riba yake.

Kwa hiyo hesabu yako iwe hii. Kila ripoti huonyesha miaka miwili bega kwa bega, hivyo ripoti tatu, ukiruka mwaka mmoja kati ya moja na nyingine, zinakupa miaka sita. Kwa kila mwaka chukua hela ya shughuli, toa iliyonunulia mitambo na majengo, ukajumlishe miaka yote. Kisha jumlisha mistari ya Dividends paid. Gawio likizidi ile hela kwa miaka yote pamoja, rekodi hiyo inabebwa na mkopo au na mali iliyouzwa. Usihukumu kwa mwaka mmoja, maana kampuni ikijenga ghala jipya mwaka huo utaharibika hata kama biashara ni nzima.

Usishtuke pia gawio lililotangazwa likitofautiana na lililolipwa. Safaricom, kwa mfano, kwa mwaka uliokwisha Machi 2025 ilitoa shilingi 1.20 kwa hisa: senti 55 za katikati ya mwaka na senti 65 za mwisho. Zile za mwisho hungoja idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo hela yake hutoka katika mwaka wa hesabu unaofuata.

Asilimia ya gawio nayo ina ujanja wake. Senti 80 kwa hisa ya shilingi 10 ni asilimia 8. Baada ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwa mkazi wa Kenya, unapokea senti 76. Lakini hisa hiyo ingekuwa imeshuka kutoka shilingi 16, gawio lile lile lilikuwa asilimia 5. Gawio halikupanda, bei ndiyo iliyoanguka, na wanaouza pengine wameshausoma ule ukurasa wa mtiririko wa fedha.

Mimi sitaki riba. Ripoti inaonyesha?
*Bibie, Mji wa Kale*

Inaonyesha, pande zote mbili. Mikopo iko kwenye Borrowings, na riba ambayo kampuni inapokea kwa amana zake iko kwenye Finance income. Kipimo kimoja cha AAOIFI, chombo cha viwango vya fedha za Kiislamu, ni kwamba mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni. Kampuni yetu ya maghala, kwa hisa milioni 200 za shilingi 10, ina thamani ya bilioni 2. Deni la milioni 1,280 ni asilimia 64. Haipiti. Zilizo karibu na mstari muulize sheikh wako, mimi ni mtu wa hesabu tu.

Hesabu hizi nizitumie kwa benki pia?
*Msomaji, Likoni*

Hapana. Kwa benki amana za wateja ni deni, na kukopesha ndiyo biashara yenyewe, kwa hiyo mtiririko wa fedha hupanda na kushuka bila kukuambia kitu. Tafuta mikopo isiyolipika ni sehemu gani ya mikopo yote, na benki imetenga kiasi gani kuifunika.