Barua kwa mwanangu: mkatalie kidogo kwanza

"Mama, mpenzi wangu akitaka nenosiri la simu yangu, na nimtumie mahali nilipo kila nikitoka, huo si wivu wa kawaida tu?"

Mwanangu,

Mara ya mwisho ulipomkatalia jambo dogo, alifanyaje? Siku zote nawaambia, mtu humjui kwa anavyoomba, utamjua kwa anavyopokea hapana. Mmoja atanuna kidogo, yataisha. Mwingine atakununia siku tatu mpaka uombe radhi wewe, au atauliza unaficha nini, kisha ataomba lilelile tena na tena hadi uchoke.

Mjomba wako alikuwa hakosi shughuli ya kwetu hata moja, unakumbuka. Yule mchumba wake wa kwanza hakumkataza kuja, hata siku moja. Ila akifika tu simu inaita: yuko na nani, apige picha ya sebule, ampe mama simu wasalimiane. Akirudi, ugomvi mpaka usiku wa manane. Mwisho mjomba wako akaona heri abaki kwake, na sisi tukasema ana maringo. Namba ya siri ya M-Pesa alimpa kwa hiari, eti wapange harusi pamoja. Baadaye akawa anaomba nauli kwenye mshahara wake mwenyewe. Arobaini ya babu yako hakuja. Hilo sijalimeza hadi leo.

Lakini ngoja, mimi na baba yako simu zetu ziko wazi, kila mtu anashika ya mwenzake. Ni kweli. Ila hakuna anayehojiwa kwa kumpigia dada yake. Hata kumwonyesha mtu mahali ulipo moja kwa moja kwenye WhatsApp, unachagua muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Kumtumia kwa muda wa saa 1 unaposafiri usiku ni usalama. Muda wa saa 8 kila siku, na ikizimika anapiga mfululizo, hilo ni jambo jingine.

Nenosiri lina hatari yake zaidi. Akiishika simu yako na nenosiri analijua, dakika moja inamtosha kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, na baada ya hapo anasoma ujumbe wako bila kuigusa simu tena. Ingia WhatsApp, tafuta Linked devices. Ukiona kifaa usichokijua, kiguse, kisha Log out. Ila atajua umemtoa, na wapo wanaozidi ukali hapo hapo. Kama unamuogopa usikitoe kwanza. Nipigie kwa simu ya mtu mwingine.

Sisemi umwache. Mdomo unaniwasha, lakini sijasema. Nasema mtu utamjua kwa anavyopokea hapana, basi Jumamosi ukienda kwa shangazi yako, mwambie mapema kwamba mahali hutumi, utampigia ukirudi. Usitoe sababu. Na kama tangu sasa umeshaanza kutunga uongo wa kumtuliza, hilo jaribio liache, uje nyumbani tuzungumze.

Mama yako