Kumtafuta Mwenye Tangazo kwa Nembo Yake: Maswali na Majibu

Nimeona tangazo la mkopo kwenye Facebook. Lina nembo tu, ngao ya kijani yenye jani katikati, na kitufe cha kupakua programu. Mwenyewe nitamjuaje?

Piga picha ya skrini tangazo likiwa limetulia, kisha uikate mpaka ibaki nembo peke yake pamoja na ukingo mwembamba wa rangi inayoizunguka. Hatua hii ndogo ndiyo inayoamua mengine yote, kwa sababu ukipakia skrini nzima, injini ya kutafutia itashughulika na yule mwanamke anayetabasamu akiwa ameshika noti, au na mpangilio wa Facebook, na nembo haitazingatiwa kabisa. Hifadhi pia nakala ya pili yenye nembo na maandishi yoyote yaliyo kando yake, maana itafaa baadaye.

Fungua images.google.com, bonyeza alama ya kamera, kisha upakie nakala ya kwanza. Tulipofanya hivyo kwa ngao uliyotutumia, matokeo ya mwanzo yalikuwa maduka ya dawa za asili na kampuni za bima za nchi za mbali, kwa kuwa Google Lens hutanguliza vitu vinavyofanana kwa umbo na rangi. Tulipohamia sehemu ya Exact matches, zilibaki kurasa chache, nyingi zikiwa za tovuti zinazonakili programu za Android ili watu wazipakue nje ya duka rasmi. Usipakue chochote huko. Hata hivyo tovuti hizo zina faida moja: huonyesha aikoni ya programu pamoja na kitambulisho chake, yaani mfululizo wa maneno yaliyotenganishwa kwa nukta. Nakili kitambulisho hicho na ukibandike mwishoni mwa anwani hii:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=
```

Mwenye programu anaweza kubadili jina na nembo kila anapotaka, lakini kitambulisho hicho hakibadiliki kwa programu iliyokwisha kuwekwa dukani. Ikiwa programu haijaondolewa, utafika kwenye ukurasa wake halisi, na katika sehemu ya mawasiliano utakuta jina la aliyeitengeneza, barua pepe yake na mara nyingi anwani ya ofisi. Kuanzia hapo achana na nembo, ushike jina hilo. Kwa ngao yako, jina tulilolikuta lilikuwa tofauti kabisa na lililoandikwa kwenye tangazo, na hatukuliona katika orodha ya watoa mikopo wa kidijitali wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo kulinganisha jina na orodha ya wenye leseni ni jambo la kufanya kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kila nikitafuta naletewa mamia ya nembo zinazofanana na hiyo, lakini yenyewe siioni. Nakosea wapi?

Huenda hukosei. Nembo nyingi za siku hizi ni duara, ngao, jani au herufi moja iliyopindwa, na umbo jepesi namna hiyo halina alama za kutosha za kulitofautisha na mengine. Lens haijui kwamba unatafuta kampuni. Inachokitafuta ni mfanano, na mfanano inaupata kwa wingi.

Yapo mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kuongeza maneno. Baada ya kupakia picha, Lens hukupa kisanduku cha kuandikia, nawe unaweza kuandika humo “mkopo Tanzania”, “mitumba jumla” au chochote ambacho tangazo linauza, na matokeo yatachujwa kwa maneno hayo. Hapa ndipo nakala yako ya pili inapofaa, kwa sababu Lens husoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, na hata vipande viwili vya jina vinaweza kutosha.

La pili ni kupeleka picha ileile kwa TinEye, huduma ya Kanada iliyoanza mwaka 2008, ambayo hufanya kazi kwa namna nyingine. TinEye haitafuti vinavyofanana, bali hutafuta nakala za picha hiyohiyo, hata kama zimepunguzwa ukubwa, zimekatwa au zimebadilishwa rangi kidogo. Kwa hiyo majibu yake huwa machache, na mara nyingi hayapo kabisa. Ikikujibu kuwa haikupata kitu, maana yake ni kwamba picha hiyo haimo katika kurasa ilizokwisha kuzipitia. Biashara inayoishi Instagram na WhatsApp peke yake inaweza kuwa ya miaka kumi na isionekane humo.

Nembo nimeikuta kwenye tovuti tatu, na kila moja ina jina lake. Ipi ndiyo yenye nembo?

Inawezekana kwamba hakuna hata moja. Kabla ya kuchagua, angalia kama miongoni mwa matokeo kuna tovuti inayouza picha na michoro, kama vile Shutterstock au Freepik. Ukiikuta nembo hapo, tena ikiwa na alama ya maji juu yake au neno “vector” katika maelezo, basi umefika kwenye chimbuko lake: ni mchoro uliotengenezwa na msanii fulani ili yeyote auchukue, na kampuni zote tatu zimeuchukua. Hali ni hiyohiyo kwa violezo vya Canva, ambavyo masharti yake hayamruhusu mtumiaji kusajili mchoro wa maktaba yao kuwa alama yake ya biashara, kwa kuwa wengine nao wana haki ya kuutumia.

Wako wanaohukumu kwamba biashara yenye nembo ya kiolezo ni ya kitapeli. Sikubaliani nao, kwani saluni na viduka vya mtandaoni visivyo na hesabu vimeanza hivyo kwa uaminifu kabisa. Kinachobadilika ni uzito wa ushahidi: nembo ya namna hiyo haiwezi kukuonyesha mtu mmoja, hivyo inakubidi ufuate jina, namba ya simu au anwani ya tovuti iliyomo kwenye tangazo.

Ikiwa nembo haitoki kwenye kiolezo, panga matokeo ya TinEye kwa Oldest. Ila tarehe inayoonyeshwa ni ya siku ambayo TinEye iliiona picha hiyo kwa mara ya kwanza, wala si siku iliyochapishwa. Tovuti ya mwigaji inayotembelewa na wengi inaweza kuwa imepitiwa mapema kuliko ya mwenyewe, kwa hiyo ichukue tarehe hiyo kama dalili tu.

Mimi nembo imeniletea moja kwa moja kampuni kubwa inayojulikana. Si nimeshampata?

Umempata mwenye nembo. Mwenye tangazo ni suala lingine, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa zao, kwa sababu mwigaji huchukua nembo halisi kutoka kwenye tovuti halisi, na kadiri anavyoinakili vizuri ndivyo utafutaji wa picha unavyozidi kumthibitisha.

Hata pasipo udanganyifu wowote, nembo moja inaweza kuwa ya zaidi ya mmoja. Almasi tatu nyekundu za Mitsubishi tunazozijua kwenye magari hutumiwa na kampuni kadhaa za kundi hilo zinazojiendesha kila moja kivyake, ya magari, ya mitambo mizito na ya umeme. Nje ya kundi hilo kuna Mitsubishi Pencil, watengenezaji wa kalamu za chapa ya uni, ambao wana jina hilohilo na almasi hizohizo, wala hawana uhusiano na hao wa magari. Utafutaji wa picha hauwezi kukutenganishia hao.

Kwa hiyo tangazo lenyewe ndilo la kuhojiwa. Kwa matangazo ya Facebook na Instagram, nenda facebook.com/ads/library, chagua nchi, kisha uandike jina la ukurasa uliotoa tangazo. Utaona matangazo mengine ambayo ukurasa huo unayaendesha kwa sasa. Halafu fungua ukurasa wenyewe na utafute Page Transparency, inayoonyesha tarehe ulipofunguliwa, majina yake ya zamani na mara nyingi nchi walizoko wanaousimamia. Ukurasa wa “benki” uliofunguliwa miezi miwili iliyopita, ambao zamani uliitwa kwa jina la timu ya mpira au la vichekesho, umeshakujibu. Kwa matangazo yanayopitia Google, adstransparency.google.com hufanya kazi ya namna hiyo na huonyesha jina la mtangazaji aliyethibitishwa.

Je, hakuna daftari rasmi la nembo ambamo ninaweza kutafuta kwa picha badala ya kubahatisha?

Lipo. Shirika la Umoja wa Mataifa linalohusika na miliki bunifu, WIPO, lina hifadhidata ya bure ya alama za biashara kwenye branddb.wipo.int, na unaweza kupakia picha ya nembo humo. Tofauti yake kubwa na Lens ni kwamba kila jibu linakuja na jina la mmiliki, nchi, tarehe ya maombi na aina ya bidhaa au huduma. Aina hizo zina namba: huduma za fedha na bima ni 36, nguo na viatu ni 25. Ukichuja ngao za kijani kwa namba 36, maduka ya dawa za asili yanatoweka.

Kasoro yake ni kwamba imejaa alama za walioamua kusajili nembo, na wengi wa wafanyabiashara wetu husajili jina la biashara tu. Kwa hao, utafutaji wa picha hausaidii tena. Tanzania Bara utatafuta jina katika mfumo wa BRELA, Zanzibar kwa BPRA, na Kenya kupitia eCitizen.

Tangazo langu ni bango la barabarani, na picha niliipiga nikiwa ndani ya daladala. Imepinda na ina ukungu wa kioo.

Inyooshe kwanza kwa programu ya kuhariri picha ya simu yako, yenye uwezo wa kurekebisha pembe, kisha uikate kwenye nembo. Ikishindikana, mara nyingine ukipita soma chini kabisa ya bango, penye namba ya simu au anwani ya tovuti, na usome pia ubao mdogo ulio juu au pembeni mwa fremu. Ubao huo kwa kawaida una jina la kampuni inayokodisha bango, na hao wanamjua aliyewalipa.

Nikipakia picha huko, wengine wataiona?

TinEye wanasema hawaziingizi picha za wanaotafuta katika kumbukumbu zao za kutafutia. Google inaweza kuihifadhi kwenye historia ya akaunti yako, nawe unaweza kuifuta kupitia myactivity.google.com. Picha ya skrini hubeba pia jina lako, picha yako ya wasifu na ujumbe ulioingia juu ya skrini wakati huohuo, na ukiikata vizuri vyote hivyo huondoka.