Saa moja ya prompti za video: somo la vijana 18 na kompyuta 6

Ukipewa chumba cha kompyuta kwa saa moja uwafundishe vijana kuandika prompti za video, yaani maelekezo ambayo programu ya akili mnemba huyageuza kuwa video fupi, usianze na kompyuta. Mimi nilianza nazo mara ya kwanza. Vijana 18 walizikimbilia kompyuta 6, kila kundi likaandika chochote kilichowajia na kubonyeza. Maombi yote yakaingia kwenye foleni kwa wakati mmoja, na kwa kuwa tulikuwa tukitumia akaunti moja, yaliyobaki yakakaa yakisubiri. Saa ilipokwisha tulikuwa na video tatu, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini yake ilitoka vile.

Tangu hapo somo langu huanzia kwenye karatasi. Asubuhi yake nafika mapema, naingia kwenye akaunti katika kila kompyuta, naangalia salio la kutengenezea video lililobaki, kisha natuma prompti moja ya majaribio nikiwa na saa mkononi. Nikiona video ya sekunde 5 imechukua dakika 4 kutoka, najua kwamba katika saa moja kila kundi litapata majaribio mawili, basi. Somo zima nalipanga kwa hesabu hiyo. Video ya majaribio naipakua niwe nayo, kwa sababu intaneti ikikatika katikati ya somo bado nitakuwa na kitu cha kuonyesha.

Dakika 10 za kwanza tunaitazama video hiyo mara tatu, na vijana wanataja wanachokiona tu. Kijana akisema "amehuzunika," namuuliza: umeonaje? Atajibu kwamba kichwa kimeinama, au mikono imelegea. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, nami silipiti haraka. Programu inatengeneza picha. Haina pa kuweka kumbukumbu za mhusika, wala sababu ya safari yake, wala kilichotokea jana. Kila neno la prompti lisiloweza kuonekana au kusikika linaiachia programu nafasi ya kubuni yake.

Baada ya hapo nawagawa watatu watatu, dakika 15 za karatasi. Mmoja anaandika. Wa pili anasomewa bila kuiona karatasi, anachora kile alichosikia. Wa tatu anaandika kila swali ambalo mchoraji anauliza. Mchoraji akiuliza "amekaa au amesimama?" kundi limeshajua kinachokosekana, na hawajatumia salio hata kidogo. Mchoro hauhitaji uzuri, hata mtu wa vijiti anatosha.

Nikupe mfano wa kundi moja. Msichana mmoja aliandika hivi: "Mzee mpweke anamkumbuka mke wake aliyefariki, anaenda kununua maua, anarudi nyumbani na kulia." Hadithi nzuri, lakini ina safari nzima ndani ya sekunde 5. Programu ikipewa matendo matatu kwa muda mfupi hivyo, mara nyingi huyabana au huruka moja, na mtu huweza kubadilika sura njiani. Mchoraji wao alikwama palepale: nichore dukani au nyumbani? Nikawaambia wachague tendo moja ambalo mtu akiliona ataujua upweke huo bila kuambiwa. Wakabishana kama dakika 5, nami niliwaacha wabishane, kwa sababu kubishana huko ndiko kuandika kwenyewe. Wakaja na hii:

"Picha ya karibu. Mzee mwenye ndevu nyeupe na koti la kahawia ameketi kwenye meza ya mbao kando ya dirisha. Mezani kuna vikombe viwili. Anasukuma kikombe kimoja polepole kuelekea kiti cha upande wa pili. Kwenye kiti hicho hakuna mtu. Mwanga wa asubuhi unaingia kutoka kushoto. Kamera imetulia."

Angalia kilichomo: umbali wa kamera, mtu na alama zake mbili tatu, mahali, tendo moja, mwanga, kisha kamera inafanya nini. Kamera nayo ipewe jambo moja. Ama imetulia, ama inasogea mbele taratibu, ama inageuka kumfuata mtu. Ukiiagiza isogee na wakati huohuo izunguke, mara nyingi picha huyumba na vitu vya nyuma huanza kuyeyuka. Umbo la picha, la kulala au la kusimama, lisiandikwe kwenye prompti ikiwa programu ina kitufe chake. Wachague kwenye mipangilio.

Dakika ya 25 makundi yanaanza kutuma, moja baada ya jingine, kwa kupishana dakika moja. Wanaposubiri hawakai bure: wanaandika ubashiri wa sehemu itakayoharibika. Wabashiri kabla ya kuona, maana wakishaiona kila mmoja atasema alijua.

Video ya kundi lile ilitoka na kasoro mbili. Kwenye kiti alikuwa ameketi mwanamke. Na mkono wa mzee ulipofika kwenye kikombe, vidole vilizama ndani yake. Vijana walitaka kuandika upya kila kitu. Niliwazuia. Ukibadilisha maneno kumi kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.

Mwanamke alitokana na maneno "hakuna mtu." Programu nyingi za namna hii hushindwa na ukanushi: ukitaja kitu, hata kwa kukikataa, umekiita. Dawa ni kuandika kilichopo badala ya kisichopo. Wakafuta sentensi hiyo na kuweka: "Kiti hicho kimeegemezwa mezani, juu yake umekunjwa mtandio wa bluu." Kiti kilichoegemezwa hakikaliki, na mtandio ukasema habari za mke kuliko walivyotarajia wenyewe. Programu nyingine zina kisanduku cha pekee cha kuandika usivyovitaka, na hapo ndipo pa kuviweka.

Vidole ni ugumu wa programu yenyewe, hasa mkono unapokutana na kitu. Prompti haiuondoi, ila inaweza kuukwepa: video ianze mkono ukiwa tayari umeshika kikombe. Kwa kawaida ningewaambia wabadilishe moja, waone, kisha la pili. Lakini walikuwa wamebakiwa na jaribio moja, na kasoro hizo zilikuwa sehemu mbili tofauti za picha, kwa hiyo nikawaruhusu zote mbili. Jaribio la pili kiti kilikuwa kitupu. Kidole kimoja bado kilikuwa kirefu kupita kiasi, nasi tuliiacha hivyo.

Kuna mambo mawili nayakataa tangu mwanzo. Hakuna kupakia picha ya mwenzako ili umtengenezee video, hata mkiwa mnataniana. Na hakuna kuomba maandishi yaonekane ndani ya picha, kwa sababu herufi mara nyingi hutoka zimevurugika na jaribio linapotea. Maandishi wataongeza baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Dakika 10 za mwisho kila kundi linaonyesha video zake mbili kwa mfuatano na kusoma sentensi iliyobadilika, hiyo peke yake. Kisha wanahifadhi faili kwa jina linaloeleweka, kama `kundi3_jaribio2.mp4`, na prompti yake kwenye `kundi3_jaribio2.txt`, maana kundi la saa inayofuata litakalia kompyuta hizohizo. Mimi nabaki nyuma kutoka kwenye akaunti katika kompyuta zote sita.