Nahodha wa Shela haingii kwenye orodha ya marejeleo

Wanafunzi wa Lamu wanaoandika tasnifu huja kwangu na tatizo moja. Vitabu wanajua kuviandika kwenye orodha ya marejeleo. Wanapokwama ni kwa nahodha waliyezungumza naye gatini, ripoti ya serikali ambayo mwandishi wake haeleweki ni nani, na ukurasa wa mtandaoni usio na tarehe. Vyuo vingi huku kwetu vinatumia mtindo wa APA, toleo la 7, kwa hiyo nitabaki humo humo.

Katika APA, orodha ya marejeleo ni ya vitu ambavyo msomaji anaweza kuvitafuta akavipata mwenyewe. Ukilishika hilo, mengi yanayobaki utayakisia bila kufungua mwongozo.

Chukua kisa cha dada mmoja wa Langoni aliyekuwa akiandika kuhusu wavuvi na bandari mpya. Mwisho wa tasnifu yake nilikuta hili:

```
Nahodha. (2024). Mahojiano. Shela.
```

Nikamuuliza, "Mimi nikitaka kuyasoma mahojiano haya, niende wapi?" Akacheka. "Kaka, yako kwenye simu yangu." Basi kama yako kwenye simu yake, hayana nafasi katika orodha. Ila hatukuishia kuyafuta tu, kwa sababu katika kazi yake kulikuwa na mahojiano ya aina tatu, na yeye alikuwa ameyaandika yote kwa namna moja.

Nahodha alikuwa mshiriki wa utafiti. Alichaguliwa kwa utaratibu, akaelezwa lengo, akakubali kuhojiwa, akaahidiwa kwamba jina lake halitatajwa. Maneno ya mtu kama huyu ni data yako mwenyewe, na data yako huirejelei kama chanzo cha mtu mwingine. Katika sura ya mbinu unaeleza uliwahoji watu gani, wapi na lini. Kisha katika matokeo unaandika tu "Mshiriki wa 3 alisema kwamba..." na kuweka maneno yake. Hakuna mabano, hakuna mwaka.

Aina ya pili ilikuwa ofisa mmoja wa uvuvi aliyemjibu swali kwa WhatsApp. Huyu hakuwa katika sampuli. Alimfafanulia jambo la leseni, basi. Hayo ndiyo mawasiliano binafsi. Unayataja ndani ya matini peke yake, kwa herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo na tarehe kamili (jina hili nimelibuni):

```
(A. Shee, mawasiliano binafsi, 12 Machi 2024)
```

Angalia hatari iliyopo hapa. Ukimwandika nahodha kwa njia hii ya pili, umelitoa jina ambalo uliahidi kulificha. Na kwa mji wetu huu, hata kulificha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "fundi wa majahazi wa Matondoni mwenye miaka 70 ambaye mwanawe yuko Mombasa", kila mtu hapa atajua ni mzee gani. Punguza sifa zinazomtambulisha mpaka ubaki na zile ambazo hoja yako inazihitaji. Na huyo ofisa naye, mwombe ruhusa kabla ya kumtaja.

Ya tatu yalikuwa mahojiano ya redio na kiongozi wa wavuvi, yaliyowekwa YouTube. Hayo yamechapishwa, msomaji anaweza kuyasikiliza, kwa hiyo yanaingia kwenye orodha kama video nyingine yoyote. Mahali pa mwandishi panakaa jina la akaunti iliyoipandisha video, si jina la aliyehojiwa. Kiongozi mwenyewe unamtaja ndani ya sentensi yako, na ukinukuu maneno yake unaweka dakika na sekunde alipoyasema.

(Walio idara za historia wameshazoea kuweka orodha ya waliohojiwa mwishoni. Ni desturi nzuri, lakini si ya APA. Muulize msimamizi kabla hujaichanganya.)

Tuje kwenye ripoti za serikali. Wengi huandika "Serikali ya Kenya" mahali pa mwandishi, na hapo msomaji hajui aanzie ofisi gani. Mwandishi ni taasisi mahususi iliyoandaa ripoti, ile iliyotajwa kwenye jalada. Kama ni idara iliyo chini ya wizara, idara inakuwa mwandishi na wizara inakuwa mchapishaji. Kama aliyeandika na aliyechapisha ni mmoja, jina halirudiwi. Sensa ya 2019, iliyoipa kaunti yetu watu 143,920, inaandikwa hivi, kisha anwani ya mtandao ikiwa umeisoma huko:

```
Kenya National Bureau of Statistics. (2019). 2019 Kenya population and housing census: Volume I. Population by county and sub-county.
```

Ndani ya matini, mara ya kwanza unaweka jina zima pamoja na kifupisho, baadaye kifupisho kinatosha:

```
(Kenya National Bureau of Statistics [KNBS], 2019)
(KNBS, 2019)
```

Mwaka nao una mtego wake. Matokeo ya sensa ya 2019 yalitoka mwaka huo huo, na hilo huwapumbaza watu. Matokeo ya sensa ya 2009 yalichapishwa 2010. Mwaka 2009 ni sehemu ya kichwa cha ripoti, lakini kwenye mabano panakaa 2010. Usiuchukue mwaka kutoka kwenye kichwa. Fungua kurasa za mwanzo uutafute mwaka wa kuchapishwa.

Ukurasa usio na tarehe ni mwepesi kuliko watu wanavyoudhania. Mfano ni ukurasa wa UNESCO kuhusu Mji Mkongwe wa Lamu:

```
UNESCO World Heritage Centre. (h.t.). Lamu Old Town. https://whc.unesco.org/en/list/1055
```

Wanaoandika kwa Kiswahili hutumia h.t., yaani haina tarehe; wanaoandika kwa Kiingereza huweka `n.d.` mahali hapo. Nimeona mwanafunzi akiweka 2001, kwa sababu ukurasa wenyewe unautaja. Huo ni mwaka mji ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, si mwaka ukurasa ulipoandikwa. Na mwaka wa hakimiliki ulio chini kabisa ya tovuti ni wa tovuti nzima, usiuazime. Tarehe uliyousoma ukurasa unaiongeza tu ikiwa yaliyomo yametengenezwa ili yabadilike kila mara na hakuna nakala iliyohifadhiwa.

Limebaki la chanzo cha kupitia kwa mtu mwingine. Tuseme umesoma tasnifu ya Salim ya 2011, na ndani yake kuna maelezo ya mitego ya samaki kutoka ripoti ya Bakari ya 1987, ambayo hukuiona. Unaandika hivi:

```
(Bakari, 1987, kama alivyonukuliwa katika Salim, 2011)
```

Kwenye orodha anaingia Salim peke yake, maana ndiye uliyemsoma. Kumweka Bakari ni kudai umeisoma ripoti ambayo hujawahi kuigusa, na msimamizi makini hukugundua upesi: kama Salim alikosea namba ya ukurasa, nawe utakuwa na kosa lile lile.

Lakini usiikimbilie njia hii. Dada wa Langoni alikuwa amerejelea idadi ya watu wa Lamu kupitia gazeti lililoitaja sensa, na sensa yenyewe iko mtandaoni, bure. Hapo hakuna sababu ya kupitia kwa gazeti. Njia ya "kama alivyonukuliwa" iache kwa ripoti iliyopotea, isiyochapishwa tena, au iliyo kwa lugha usiyoisoma. Zikizidi mbili tatu katika sura moja, mimi humrudisha mtu maktaba.